Benki Iliandika "Imefungwa", Mahakama Ikasema "Inaelea"

Mwaka 1997 Spectrum Plus, kampuni ndogo ya Uingereza iliyotengeneza rangi na kemikali, ilifungua akaunti katika benki ya NatWest na kupewa ovadrafti ya hadi pauni 250,000. Benki ikajikinga kwa hati ya dhamana. Hati hiyo ilisema kwamba madeni ambayo wateja wa kampuni wangedaiwa yamewekwa chini ya dhamana iliyofungwa. Mwaka 2001 kampuni ikafilisika, na kila aliyekuwa akiidai akaanza kulisoma upya neno hilo moja.

Dhamana iliyofungwa hukamata mali inayojulikana, kama kiwanja au mashine. Kampuni huendelea kuitumia, lakini haiwezi kuiuza bila idhini ya mkopeshaji. Dhamana inayoelea hukaa juu ya mali inayobadilika kila siku: malighafi, bidhaa zilizoko ghalani, fedha zinazoingia na kutoka. Kampuni huuza na kununua kama kawaida, na mnunuzi huondoka na bidhaa isiyo na kifungo. Siku kampuni inapofilisika, au inaposhindwa kulipa na mkopeshaji akachukua hatua, dhamana hiyo huganda na kushika chochote kilichobaki.

Uhuru huo una gharama. Kwenye mali yenye dhamana inayoelea, mishahara ya wafanyakazi na kodi fulani hulipwa kabla ya benki. Kwenye mali iliyofungwa, benki hutangulia. Ndiyo maana mamlaka za kodi za Uingereza zilisimama upande wa pili wa kesi ya Spectrum.

Kesi ilifika Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na majaji 7 walitoa hukumu Juni 2005. Walitazama namna akaunti ilivyotumika, si jina lililoandikwa kwenye hati. Kampuni ilitakiwa kuingiza malipo ya wateja katika akaunti yake NatWest, lakini yakishaingia, ilikuwa huru kuyatoa ilipie umeme, mishahara, chochote. Mali ambayo mdaiwa anaweza kuitumia apendavyo haijafungwa, wakasema. Dhamana hiyo inaelea. Uamuzi wa mwaka 1979, uliokuwa umezipa benki imani kwa miaka 26, ukatenguliwa. Benki iliomba kanuni mpya ihusu hati za baadaye tu. Ikakataliwa.

Kwa maoni yangu walikuwa sahihi, na kipimo chao ni rahisi kwa yeyote anayesoma hati ya mkopo: fedha ikishaingia, nani ana funguo? Kama haiwezi kutoka bila saini ya benki, imefungwa. Kama kampuni inachota yenyewe, inaelea, hata hati ikisema vingine mara kumi.

Sheria ya makampuni ya Tanzania imetokana na ile ya Kiingereza, na tofauti hii imo ndani yake. Lakini hapa nchini kuna hatua inayoweza kuiangusha dhamana ya aina yoyote kati ya hizo mbili: usajili. Dhamana juu ya mali ya kampuni husajiliwa BRELA ndani ya siku 42 tangu ilipotolewa. Uingereza ni siku 21.

Chukua mfano wa kubuni wa kiwanda cha mbao Mafinga kilichokopa shilingi milioni 200. Hati imesainiwa Machi 3, kwa hiyo siku ya mwisho ni Aprili 14. Kiwanda kinafilisika. Mashine, zilizofungwa, zinauzwa milioni 90. Mbao ghalani, chini ya dhamana inayoelea, milioni 60. Mishahara na kodi zinazotangulia ni milioni 25, na wadai wasio na dhamana wanadai milioni 300. Tuache gharama za mfilisi.

Ikiwa imesajiliwa, benki inachukua milioni 90 za mashine, kisha milioni 35 zinazobaki kwenye mbao baada ya wafanyakazi na kodi. Jumla ni milioni 125. Ikiwa haikusajiliwa, dhamana ni batili mbele ya mfilisi na wadai wengine. Milioni 150 zinatolewa 25, na zile 125 zinagawanywa kwa madeni ya milioni 500: kila mdai anapata robo ya deni lake, na benki inaondoka na milioni 50. Deni lenyewe halikufutika. Kwa kutosajili, lilikuwa hata limeiva kulipwa papo hapo. Kilichopotea ni nafasi ya mbele kwenye foleni.

Aliyechelewa anaweza kuomba muda uongezwe, akieleza sababu ya kuchelewa. Kwa kawaida ruhusa hutolewa kwa sharti la kulinda haki za waliosajili dhamana zao wakati yeye amelala, na kampuni ikishaanza kufilisiwa, ombi hilo ni nadra sana kukubaliwa.