Felisitasyo ya mtoto aliyepita egzeta: namna niliandika yangu

Ndugu na dada wa promosyo, majibu ya egzeta yakitoka, wengi wetu tunakuwa mbali na nyumba. Miye niko Kolwezi ku kazi, binti yangu anasoma Lubumbashi, anakaa kwa shangazi yake mu Katuba. Basi furaha yangu ilipaswa kupita mu simu, kwa maneno ya kuandika. Na maneno ya kuandika yanabaki. Mtoto anayasoma mara tano, mara kumi, usiku akiwa peke yake. Kwa hiyo nataka kuwaelezea vile nilipanga ile mesaji, sentensi kwa sentensi, juu wengi mmeniuliza.

Tuanze na namba, maana njo inaharibu zaidi. Egzeta inataka asilimia 50 ili mtoto apate diploma. Mtoto anapiga kodi yake ya tarakimu 14 mu simu, esemesi inarudi: amepita, na pursantaje yake. Binti yangu alipata 56. Ndani ya dakika kumi watu wa famili walikuwa wameshaandika mu grupu ya watsap: "Felisitasyo! Ngapi?" Lile "ngapi" linafuta felisitasyo yote iliyo mbele yake. Na hata ukisema namba kwa uzuri, "56, si mbaya!", umeshamwambia kuna kipimo, na kuna watu wako juu yake. Mu mesaji yangu hakuna namba. Hata angepata 78 singeitia. Mtoto wa 78 anabeba mzigo wake pia: anaanza kuogopa kwamba mwaka ujao, ku iniversite, namba itashuka na watu watajua.

Jambo la pili ni majina ya mbele. Binti yangu alifanya pedagoji. Mjomba wake mmoja, mtu mwema kabisa, akaandika: "Daktari wetu wa kesho!" Daktari gani tena? Mtoto alitumia miaka yake akijifunza kufundisha watoto wa shule ya msingi, na ile diploma inamruhusu kusimama mbele ya kalasi. Kumuita daktari ni sawa na kumwambia kile alichopata hakitoshi. Nilipitia mesaji yangu nikitafuta kila neno lenye "uta-": utakuwa, utafika, utatuinua. Nikaacha "uta-" moja tu, mtaiona. Felisitasyo ni ya kitu kilichokwisha kufanyika. Inaandikwa kwa "ume-" na "uli-".

Tatu, deni. Sisi wazazi tunapenda kuandika: "Minervali niliyolipa haikupotea bure." Tunaona ni shukrani, lakini mtoto anasoma fakture. Anajua vizuri nani alilipa nini. Alikuwa nyumbani siku tulikosa.

Sasa, ukitoa namba, ukitoa kesho, ukitoa franga, kunabaki nini? Kunabaki kitu mzazi alikiona kwa macho, au alichoelezwa. Hapa kila mtu atafute chake, na kama hana, apigie simu mtu aliyekaa na mtoto, aulize. Miye nilikuwa nacho. Mu orsesyo, kabla ya zile siku ine za mtihani mkubwa, mtoto wa pedagoji anafundisha somo mbele ya juri, na kuna watoto kweli mu kalasi. Binti yangu alipewa kutoa, hesabu ya kutoa, kwa watoto wadogo. Juma nzima aliokota vizibo vya chupa ku avenyu, akavisafisha, akanitumia foto yake navyo vikiwa vimepangwa kumi-kumi. Hicho kitu hakina asilimia, na hakuna binamu atakayelinganishwa naye juu ya vizibo.

Hii hapa mesaji, vile ilienda:

"Mama, shangazi amenipigia sasa hivi. Umepita! Nimecheka peke yangu mu parsele mpaka majirani wakatoka kuangalia. Nakumbuka vile vizibo ulivyosafisha juu ya watoto waone kutoa kwa macho yao. Ile ilikuwa akili yako mwenyewe, hakuna mtu alikuonyesha. Nimetuma franga kidogo kwa shangazi: za pudri na za sukre. Siku utataka tuongee mambo mengine, nipigie. Miye sitauliza wa kwanza. Leo cheza. Papa yako."

Mnaona ni fupi. Mesaji ndefu ya mzazi huwa inaishia ku mashauri, hata kama ilianza vizuri. Neno "Mama" la mwanzo ni lile nililomuita tangu mdogo. Singeanza na majina yake yote kama barua ya ofisi.

Ile sentensi ya "sitauliza wa kwanza" niliifikiria muda mrefu, maana ina mpaka wake. Iniversite ina tarehe za kujiandikisha, na tarehe haingoji furaha ya mtu. Kwa hiyo mu kichwa changu niliweka juma mbili. Kama zingepita bila yeye kusema kitu, ningepiga simu, si kuandika, na ningeuliza tu: "Unataka nikusaidie kutafuta habari gani?" Sikumwambia hizo juma mbili. Angezihesabu.

Kuna pia swali la pahali pa kutuma. Nilituma kwake yeye peke yake, si mu grupu. Mtoto wa shangazi yake alifanya egzeta mwaka uleule, wanasoma pamoja ku tochi ya simu kura ikikatika, na yeye jina lake halikutoka. Wanalala nyumba moja. Kama ningejaza grupu kwa sifa, ningemlazimisha binti yangu kuficha furaha yake kila mara mwenzake anaingia mu saluni. Mu grupu niliandika tu: "Asanteni wote, tumefurahi." Na yule mwingine nilimpigia simu kesho yake, tukaongea juu ya mpira, na mwisho nikamwambia nikirudi Lubumbashi nitapita kumuona yeye.

Namna ya kujua kama mesaji imekaa vizuri ni kusoma jibu. Mtoto akijibu "Mersi papa, nitajikaza zaidi", basi amesikia kazi, hata kama haukuandika kazi. Hapo usiongeze maelezo marefu ya kujitetea. Mpigie, muulize alikula nini, mwache aelezee siku yake. Akijibu kwa kitu cha siku ileile, cheko, foto, malalamiko, amepokea felisitasyo.

Wangu alijibu usiku: "Papa, pudri imeingia mpaka mu masikio, na shangazi anasema atanitoza sabuni."

Siku ya tisa alinipigia mwenyewe. Hakutaja iniversite kwanza. Alitaka kujua kama shule ya karibu na kwangu, hapa Kolwezi, inahitaji mwalimu wa mwaka wa kwanza, na kama mshahara unaweza kulipa kalasi za jioni. Nilimwambia nitaenda kuuliza asubuhi. Nilienda, direkta alisema alete makaratasi yake.