UWAKALA WA FEDHA: JINA MOJA KATIKA HATI ZOTE

Siku hizi, katika vijiji vya chini ya Mlima Hanang, kuanzia Jorodom hadi Katesh, na kuvuka hadi Basotu, Dongobesh na Haydom, kibanda cha wakala wa fedha za simu kimekuwa jambo la kawaida kama mashine ya kusaga. Mkulima aliyeuza mahindi, mfugaji aliyeshusha ng'ombe mnadani na mama anayesubiri fedha za mwanawe aliyeko Arusha wote hupita mlangoni pake. Tangu huduma ya kwanza ya namna hiyo ilipoanza nchini mwaka 2008, wananchi wengi wa vijijini wameijua benki kwa kupitia dirisha hilo dogo.

Lakini vijana wengi wanaotaka kuifanya kazi hiyo hurudishwa mezani na hati zao. Si kwamba hawana hati. Wanazo zote, ila hati hizo hazikubaliani. Wengine, baada ya kuchoshwa na safari za kwenda na kurudi Katesh, huamua kununua au kukodi laini ya uwakala iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Leo tunapenda kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu fedha zinazopotea kwa njia hiyo ni jasho la mkulima na mfugaji.

Hati zinazotakiwa si nyingi. Ya kwanza ni namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA. Ya pili ni namba ya mlipa kodi, yaani TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato. Ya tatu ni leseni ya biashara ya Halmashauri, kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Juu ya hizo huwekwa mkataba wa uwakala na laini yenye akaunti ya floti, yaani zile fedha za kielektroniki ambazo wakala huzitumia kuwahudumia wateja. Kila hati huzaliwa na ile iliyoitangulia. Kwa hiyo kosa lililoingia katika ya kwanza hutembea mpaka ya mwisho.

Hapa ndipo tunapokutana na shida ambayo ni ya kwetu hasa. Majina ya Wairaqw na ya Wadatoga yana sauti ambazo karani aliyetoka mkoa mwingine hazijui. Jina la Hhayuma huandikwa Hayuma. Tluway huandikwa Tluwai, na pengine Tulway. Qambalo hugeuka Kambalo. Aidha, mtu mmoja huweza kuwa na jina la nyumbani, jina la dini na jina la babu. Shuleni akaandikishwa kwa mawili, kwenye kliniki kwa jingine, na NIDA kwa matatu. Kijijini hakuna anayepotea kwa sababu hiyo, kwani wote wanamjua ni mtoto wa nani. Mashine haimjui. Kwa mashine, Hhayuma na Hayuma ni watu wawili.

Tuchukue mfano wa kijana wa Jorodom mwenye mtaji wa shilingi 1,000,000. Hatua yake ya kwanza isiwe kutafuta kibanda. Aanze kwa kuisoma namba yake ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ikiwa tarehe hiyo si sahihi, kosa limo ndani ya namba yenyewe, na yampasa kulishughulikia kabla ya jambo jingine lolote. Kisha ayatazame majina yake matatu herufi kwa herufi. Yakiwa na kosa, aende ofisi ya NIDA ya wilaya akiwa na cheti cha kuzaliwa au cha shule kinachoonyesha majina sahihi, na kiapo pale kinapotakiwa, aombe marekebisho. Kusahihisha hapa ni kukata mzizi. Kusahihisha kwingine ni kupogoa matawi.

Kazi ya pili ni kujua ni laini ngapi za simu zimeandikishwa kwa namba yake. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Akibonyeza *106# atapata orodha ya laini zinazobeba jina lake. Akiona laini asiyoitambua, aifute kupitia kampuni husika, kwa maana uhalifu ukitendwa kwa laini hiyo yeye ndiye atakayeulizwa.

Halafu ni TIN. Vijana wengi wa bodaboda tayari wanayo, kwa sababu waliipata walipoomba leseni ya udereva. Hiyo ni TIN isiyo ya biashara. Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kuomba nyingine mpya, na ombi hilo hukwama kwa kuwa mtu mmoja hapewi namba mbili. Njia iliyo sawa ni kwenda ofisi ya kodi na kuomba namba ileile ya tarakimu 9 igeuzwe kuwa ya biashara, na papo hapo kuhakikisha majina yaliyomo yanafanana na ya NIDA. TIN za zamani ziliandikwa kwa kujaza fomu kwa mkono, na humo tofauti za herufi ni nyingi.

Akiwa ofisini hapo atakadiriwa kodi. Yafaa aeleze waziwazi kwamba mapato ya wakala ni kamisheni peke yake. Fedha zinazopita mikononi mwake ni za wateja. Wakala anayemwambia mkadiriaji kuwa anafanya biashara ya shilingi laki tano kwa siku, bila kufafanua, anaweza kukadiriwa kama mwenye duka anayeuza bidhaa za kiasi hicho. Tena aeleze kwamba kodi ya zuio hukatwa katika kamisheni kabla haijamfikia, na azitunze kumbukumbu za makato hayo.

Hati ya uthibitisho wa kodi ndiyo inayofungua mlango wa leseni. Maombi ya leseni siku hizi hupitia mfumo wa Tausi wa serikali za mitaa, na leseni hudumu miezi 12. Jambo la kuangalia ni mahali. Leseni hutaja biashara iko wapi, na kampuni ya simu huandika mahali palepale katika mkataba. Mwenye leseni ya Jorodom anayehamishia meza yake mnadani moja kwa moja amefanya kazi nje ya leseni yake. Barua ya mtendaji wa kijiji na makubaliano ya pango viandikwe kwa majina yaleyale matatu, kwa mpangilio uleule.

Sasa tuje kwenye floti. Kijana wetu amepata laini yake, na ule mtaji wa shilingi 1,000,000 ameugawa: 400,000 taslimu sandukuni na 600,000 floti katika laini. Mteja anapoweka fedha, taslimu huongezeka na floti hupungua kwa kiasi kilekile. Anapotoa, huwa kinyume chake. Siku ya mnada, wafugaji watatu wanakuja kuweka shilingi 200,000 kila mmoja. Floti imekwisha. Mfugaji wa nne atarudi nyumbani na fedha mfukoni, ingawa wakala ana shilingi 1,000,000 taslimu mbele yake. Hana budi kuzipeleka benki au kwa wakala mkuu ili apate floti tena. Mwezi Januari, wazazi wanapotoa fedha za mahitaji ya shule, sanduku ndilo linalokauka. Kwa hiyo anayejua majira ya kijiji chake hugeuza mgawanyo huo usiku wa kuamkia siku hiyo, floti nyingi kwa mnada, taslimu nyingi kwa Januari.

Kila jioni ajumlishe taslimu na floti. Jumla sharti iwe mtaji uleule, kwani kamisheni huhesabiwa mbali. Akikuta taslimu 385,000 na floti 590,000, jumla ni 975,000, na shilingi 25,000 hazipo. Afuate ujumbe wa kila muamala na daftari lake siku hiyohiyo. Mara nyingi atakuta fedha zilikwenda kwa namba yenye kosa la tarakimu moja, au alimpa mteja taslimu kwa kuamini ujumbe wa kughushi bila kutazama salio lake. Namba iliyotuma ujumbe huo wa kughushi huripotiwa kwa kutumwa kwenda 15040. Kosa likigunduliwa baada ya wiki, fedha zimekwisha kutumiwa.

Tumeeleza hayo yote ili msomaji aone hatari ya laini ya kukodi. Floti ni ya yule ambaye laini imeandikishwa kwa jina lake. Kijana huweka mtaji wake wote humo, hufanya kazi miezi sita, kisha mwenye jina huenda dukani na kitambulisho chake na kusema laini yangu imepotea, nipeni nyingine. Hupewa, kwa maana ni haki yake. Laini iliyo mkononi mwa kijana huzimika palepale, na floti imehama. Kijana akienda polisi, hana mkataba, hana leseni ya jina lake, na kila hati inamtaja mwingine. Hali ni hiyohiyo mwenye jina akifariki, kwani floti huhesabiwa kuwa mali ya marehemu na warithi wake wanayo haki ya kuidai. Na mteja aliyepunjwa katika kibanda hicho akilalamika, anayetafutwa ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga Jorodom.

Baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoteremka kutoka Mlima Hanang na kuua watu wengi, kaya kadhaa zilibaki bila karatasi hata moja. Mwenye hati zilizokubaliana hutambuliwa kwa namba yake na kwa vidole vyake. Mwenye laini ya kukodi hana cha kuonyesha pale kibanda kinapochukuliwa na tope.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu watendaji wa vijiji na makarani wa uandikishaji wafanye jambo moja dogo: kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, wamsomee mwananchi jina lake herufi kwa herufi, na wamwulize kama lina hh au h, kama lina q au k. Kwa asiyejua kusoma, aitwe mwanawe au jirani anayejua. Kazi hiyo huchukua dakika mbili. Kuikwepa humgharimu mwananchi safari nyingi, na mwishowe humsukuma kwa yule mwenye laini ya kukodisha.