Uyoga wa chumbani Njombe: bei nzuri huja na baridi

Mkazi wa Njombe mjini anayepanda mboga kwenye viroba uani anashindana na vinyungu. Mabonde yanayouzunguka mji yana maji hata kiangazi, na kabichi na chainizi kutoka huko hushuka sokoni kwa bei ambayo kiroba cha udongo na samadi ya kununua hakiwezi kuifikia. Kiroba kinalisha nyumba, na hilo ni jambo jema, ila si biashara. Miche michanga ya saladi, inayovunwa ikiwa na wiki moja au mbili, inahitaji hoteli na wateja walioizoea, na wateja hao hapa ni wachache mno. Kinachobaki kwa mwenye chumba kimoja cha akiba ni uyoga wa mamama, na hesabu yake ni ngumu kuliko inavyosimuliwa kwenye semina.

Ugumu unaanzia kwenye kalenda. Mvua zikikolea, uyoga wa porini hufika sokoni kwa ndoo, na wateja wengi huupendelea kwa ladha yake. Bei ya uyoga wa chumbani hushuka hapo hapo. Hupanda tena porini pakikauka, na kwa Njombe huo ndio wakati wa baridi ya Juni na Julai. Mbegu ya uyoga iliyopandwa kwenye kifuko hutanda vizuri kwenye joto la nyuzi 24 hadi 27, na kifuko hugeuka cheupe chote kwa wiki tatu au nne. Katika chumba cha tofali chenye nyuzi 13, kazi hiyo hiyo inaweza kuchukua mara mbili ya muda huo, na kila wiki inayoongezeka ni nafasi kwa ukungu wa kijani kuwahi chakula.

Mama mmoja anayeotesha uyoga Njombe mjini na kuupeleka pia Makambako anasema baridi si adui yake mkubwa. Anachokilalamikia ni chupa ya mbegu. Huagiza kutoka mikoa mingine, chupa zinakuja na basi, na anazipokea bila jina la aina wala tarehe ya kutengenezwa. Kilio chake kina msingi. Ipo mamama inayozaa vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 18, na ipo inayotaka nyuzi 20 na zaidi. Kwa macho, chupa mbili hizo ni zile zile: punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe. Aliyeuziwa mbegu ya joto la Pwani kisha akaiotesha Njombe mwezi Juni atamwagilia na kungoja bure. Mama huyo anasema amewahi kupoteza msimu mzima kwa namna hiyo, na muuzaji alimjibu kwamba kosa ni usafi wake. Siku hizi hukagua mwenyewe. Chupa yenye maji ya manjano chini, au iliyoanza kuchipua uyoga ndani, huihesabu kuwa imezeeka na haitii kwenye kifuko.

Kosa la pili ni la wenyeji, na linatokana na wingi wa mali. Njombe ni mji wa mbao, na maranda ya paini yamejaa kando ya viwanda, mara nyingi bure. Anayeanza huyabeba akidhani amepata mtaji. Paini ina utomvu unaozuia mbegu kutanda, na maranda yake mabichi hutoa vifuko vinavyodumaa. Yanapaswa kulazwa nje na kuloweshwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, na hata hapo ni bora yachanganywe na kitu kingine. Makapi ya maharage na magunzi ya mahindi yaliyopondwa hufanya kazi vizuri zaidi, ilimradi yamehifadhiwa pakavu tangu shambani. Makapi yaliyonyeshewa yana ukungu kabla hayajafika chumbani.

Tuchukue hesabu ya mama huyo kwa vifuko 40, idadi inayoenea katika chumba cha mita tatu kwa tatu chenye rafu. Makapi hukatwakatwa, hulowekwa usiku kucha na kuchujwa mpaka ukiyakamua kwa nguvu yatoke matone machache tu. Kisha hupikwa kwa mvuke kwenye pipa la lita 200 kwa saa tatu au nne, kwa awamu mbili. Yakipoa, kila kifuko hubeba kilo tatu za makapi mabichi, ambazo zikikaushwa ni kama kilo moja. Chupa moja ya mbegu anaigawa kwa vifuko viwili. Kwa bei anayoitaja ya shilingi 3,500, chupa 20 zinamgharimu 70,000. Mifuko, makapi, kuni na nauli ya mzigo anaviweka kwenye 40,000.

Afisa ugani mmoja aliyeombwa makisio alisema kila kifuko kinatoa kilo mbili. Kwa bei ya mama huyo ya shilingi 8,000 kwa kilo, vifuko 40 vingeleta 640,000. Takwimu hiyo inavutia, na husikika mara nyingi kwenye mafunzo ya vikundi, lakini haikai. Mamama hutoa uyoga mbichi wa takriban nusu hadi robo tatu ya uzito wa makapi makavu, mkulima akiwa makini. Kifuko chenye kilo moja kavu kinatoa gramu 600 hivi kwa michumo mitatu. Mama anasema hupoteza kifuko kimoja kati ya vitano. Vinabaki 32, kilo 19, na mauzo ya 152,000. Akitoa gharama anabaki na takriban 42,000 kwa mzunguko wa karibu miezi mitatu, kabla ya kuhesabu kodi ya chumba na jasho lake. Anayekopa kwa kuamini kilo mbili ataumia.

Makambako ina sura nyingine. Iko chini kidogo na ina joto kuliko Njombe, na mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya yanapita, hivyo mbegu hufika bila kushuka na kupanda gari la pili. Tatizo lake ni upepo. Kiangazi unakausha chumba, kingo za uyoga zinapasuka na kugeuka kahawia. Wengine huziba madirisha yote, na hapo uyoga huota mashina marefu yenye vichwa vidogo kwa kukosa hewa. Magunia yaliyoloweshwa na kutundikwa dirishani huleta nafuu. Jiko la mkaa la kupasha chumba moto, kwa upande wa Njombe, liachwe kabisa: linanyima uyoga hewa safi, na moshi wake usioonekana unaweza kuua waliolala chumba cha pili. Uvunwe pia kabla vichwa havijakunjuka, kwa sababu vumbi lake huwakohoza watu wa nyumba.

Mwelekeo hauko wazi. Mwenye mbegu ya baridi anayepanda Aprili, chumba kikiwa bado na joto, anaweza kuanza kuvuna bei ikipanda, na akipunguza hasara ya vifuko hadi viwili kati ya 40 mauzo yanakaribia 184,000. Lakini mamama hukaa siku chache tu kabla ya kunyauka, na kuukausha kunageuza kilo kumi kuwa kama moja. Mama huyo ana migahawa inayomnunulia Makambako, na kadhaa hulipa baada ya kuuza. Kwa Aprili anasema ataagiza chupa zake kwa wauzaji wawili tofauti, aandike kila kifuko kimetoka kwa nani, na kulinganisha kabla ya kununua tena.