Kuagiza kwa Kiwango au kwa Siku Maalumu
Ghala la vipuri huuza wastani wa filta 20 za oili kwa siku, na mzigo mpya huchukua siku 4 kufika. Likifuatilia hesabu kila saa, huagiza akiba, pamoja na mzigo ulio njiani, inaposhuka hadi 113: yaani 80 za siku za kusubiri na 33 za tahadhari. Likikagua kila baada ya siku 7, hulazimika kuagiza hadi kufikia 275, maana oda ya leo itabeba siku 11, na tahadhari hupanda hadi 55.

Hata hivyo, kwenye maelfu ya bidhaa, zile za msambazaji mmoja ni bora zikaguliwe pamoja, zisafiri kwa lori moja. Ufuatiliaji wa kila saa unafaa zaidi vipuri ghali, mradi kumbukumbu ziwe sahihi: zikionyesha 120 ilhali rafu ni tupu, oda haitatoka.