"Mimea yangu inakufa": mkulima, nijibu haya kwanza

Juzi nilipokea ujumbe wa maneno matatu kutoka kwa mkulima wa upande wa Gede: "Mimea yangu inakufa." Hakuna picha, wala jina la mmea. Jumbe kama hizi nazipata kila msimu, na najua mwenzangu anangoja nimtajie dawa. Siwezi. Mche uliooza kitalu na mnazi uliotobolewa na chonga vyote "vinakufa".

Nikamwandikia: "Pole sana ndugu yangu. Ni mmea gani, na una muda gani tangu uupande? Ulianza kufa lini? Je, inakufa yote kwa pamoja au mmoja mmoja? Majani yanageuka manjano kwanza, au yananyauka yakiwa bado kijani? Maji unatoa wapi? Umenyunyiza nini wiki hizi mbili? Na hapo msimu uliopita palikuwa na nini?"

Swali la yote au mmoja mmoja ndilo ninalolitegemea zaidi. Konde zima likiungua kingo za majani kwa siku zile zile, nashuku maji au mkono wa mtu kabla ya kushuku ugonjwa. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari huzidi chumvi kiangazi kikikaza, na mtu hunywesha yale yale aliyonywesha mwezi uliopita bila kuyaonja. Au bomba lilitumika kuua magugu, likasuuzwa harakaharaka, kisha likarudi kwenye mboga. Hapo majani machanga hujikunja na kuwa membamba. Ugonjwa wa udongoni hauendi hivyo. Huanza na shina moja hapa, mawili pale, kisha hufuata njia ya maji.

Jioni akajibu. Ni nyanya, zina wiki sita tangu azitoe kitalu, na zimeanza kutoa maua. Zilianza tatu upande wa juu wa shamba, sasa zimefika kumi na kitu zikiteremka na mfereji. Zinalala mchana zikiwa kijani kabisa, usiku zinajaribu kuinuka, siku ya tatu haziamki tena. Ameshanyunyiza dawa ya ukungu mara mbili. Msimu uliopita hapo palikuwa na mabiringanya.

Sasa tulikuwa na la kuzungumza. Kunyauka bila kugeuka manjano, kushuka na mfereji, na mabiringanya ya msimu uliopita: yote yanaelekeza kwenye mnyauko wa bakteria. Ule mnyauko wa ukungu kwa kawaida huanza na majani ya chini kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja wa shina. Lakini kushuku si kujua, nikampa kazi ya asubuhi.

Nilimwambia ang'oe mmea ulionyauka jana au leo, si uliokwisha kukauka. Kwanza atazame mizizi: ikiwa na vifundo vifundo, kuna minyoo ya mizizi, nayo huufungulia bakteria mlango. Kisha akate kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, akishike ndani ya gilasi ya maji safi, ncha ya chini iguse maji tu, asitikise. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama tui zikiteremka kutoka kwenye shina. Shina la mmea ulionyauka kwa kiu au kwa ukungu halitoi tui hilo.

Alinitumia picha. Tui lilikuwepo.

Habari ngumu ni kwamba hakuna dawa ya kuuponya mmea huo, na zile pesa za dawa ya ukungu zimekwenda bure. Kilichobaki ni kuokoa zilizosalia. Ang'oe zinazonyauka pamoja na mizizi na udongo ulioshikana nayo, azichome, asizitupe kwenye lundo la mbolea. Aache kupitisha maji kwenye mfereji ule mmoja. Kila shina limwagiliwe peke yake kwa kopo. Jembe na kisu vioshwe kabla ya kuingia upande mzima, na kazi ianzie huko huko upande mzima.

Akaniuliza kama msimu ujao apande pilipili hapo. La. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi ni ukoo mmoja, na bakteria huyu hukaa udongoni miaka. Apande mahindi misimu kadhaa, na ang'oe mnavu unaojiotea. Najua mnavu ni mboga yetu, lakini nao ni wa ukoo ule ule, na huuhifadhi ugonjwa wakati shamba linaonekana limepumzika.

Nawe unayeniandikia kesho, tuma majibu ya maswali yale pamoja na picha mbili: moja ya mmea mmoja kuanzia mizizi, nyingine ya shamba zima ukiwa umesimama mbali.