Kuendesha Roboti kwa Mbali: Picha Isiyokawia kwenye Mtandao wa Simu

Roboti ya magurudumu inayoendeshwa kwa mbali hubeba kamera, kompyuta ndogo na modemu ya 4G yenye laini ya simu. Dereva hukaa mbele ya skrini, pengine katika mji mwingine, akitazama kinachoonwa na kamera na kutuma amri za kwenda, kukata kona na kusimama. Roboti ikienda mita 1.5 kwa sekunde huku picha ikichelewa sekunde 0.2, dereva huiona njia ilivyokuwa sentimita 30 nyuma, na bado anaweza kulikwepa jiwe. Picha ikichelewa sekunde 2, roboti imeshapita mita 3 ambazo hajaziona.

Ucheleweshaji huanzia ndani ya roboti yenyewe. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde hutoa fremu moja kila baada ya milisekunde 33. Video ghafi yenye upana wa nukta 640 na kimo cha nukta 480 huhitaji zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, mzigo ambao laini ya kawaida ya simu haiwezi kuupandisha mnarani. Kwa hiyo hubanwa, mara nyingi kwa mfumo wa H.264, hadi ifikie megabiti 1 hivi. Programu ya kubana inaweza kupunguza data zaidi kwa kuilinganisha fremu na zile zitakazofuata, lakini hapo hulazimika kuzisubiri. Katika video ya kuendeshea, usubiri huo huzimwa. Programu ya x264, kwa mfano, ina mpangilio wa `zerolatency` kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni namna ya kusafirisha. Itifaki ya TCP huhakikisha kila pakiti inafika, tena kwa mpangilio. Moja ikipotea, zilizofika baada yake huzuiwa mpaka iliyopotea itumwe upya. Kwa barua pepe huo ni uaminifu. Kwa dereva ni hasara, maana fremu iliyochelewa haimwambii tena roboti ilipo. Ndiyo sababu hutumiwa UDP, ambayo hutuma bila kusubiri uthibitisho. Gharama yake ni kwamba pakiti ikipotea, sehemu ya picha huharibika mpaka itakaporekebishwa na data mpya.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni foleni ndani ya modemu. Uwezo wa kupandisha data hubadilika kadiri roboti inavyosogea na kadiri watu wengine wanavyoutumia mnara uleule. Tuseme roboti inatuma megabiti 1.5 kwa sekunde, kisha inapita nyuma ya ghorofa na uwezo unashuka hadi megabiti 1. Modemu haitupi mara moja data iliyozidi, bali huihifadhi. Kila sekunde, nusu megabiti huongezeka kwenye foleni. Baada ya sekunde 4 foleni ina megabiti 2, na pakiti mpya itasubiri sekunde 2 kabla ya kuondoka. Hatari ni kwamba hakuna kilichopotea: picha inaendelea kuwa safi na laini, ila ni ya zamani.

Kwa sababu hiyo, ubora wa picha haufai kuwa kipimo cha usalama. Kinachopaswa kufuatiliwa ni muda wa pakiti kwenda na kurudi. Ukianza kupanda mfululizo, foleni inajaa, na roboti inapaswa kupunguza kiwango cha data papo hapo, kwa mfano hadi megabiti 0.7, hata kama picha itapoteza ung'avu. Kwa kuwa laini inatoa megabiti 1, foleni itapungua kwa megabiti 0.3 kila sekunde, na ile ya megabiti 2 itachukua karibu sekunde 7 kuisha. Kuchelewa kuchukua hatua ni ghali. WebRTC, teknolojia ya mawasiliano ya video iliyomo kwenye vivinjari, hufanya marekebisho ya namna hii yenyewe.

Ucheleweshaji wote hupimwa kwa njia rahisi. Saa ya kidijitali inayoonyesha milisekunde huwekwa mbele ya kamera ya roboti, kisha simu hupiga picha moja inayoshika saa hiyo pamoja na skrini ya dereva. Tofauti ya namba mbili ndiyo jibu. Vipimo hurudiwa roboti ikiwa mwendoni, kwa kuwa matokeo ya mezani karibu na mnara huwa mazuri kupita hali halisi.

Hakuna mpangilio unaouzuia mtandao kukatika. Roboti yenyewe lazima ifunge breki isipopata amri mpya kwa muda mfupi uliowekwa, tuseme sekunde 0.3, na ipunguze mwendo kila ucheleweshaji unapoongezeka. Isiyo na kinga hiyo haifai kupelekwa penye watu, hata picha yake iwe nzuri namna gani.