Vidonge vinane kwa siku tano, viwili kwa miezi minane

Mgonjwa wa pumu aliyebanwa sana kifua huandikiwa prednisoloni miligramu 40 kwa siku. Hivyo ni vidonge vinane vya miligramu 5, anavyomeza asubuhi kwa siku tano kisha anaacha mara moja, bila kupunguza kidogo kidogo. Mgonjwa wa baridi yabisi anameza viwili tu kila asubuhi, lakini kwa miezi minane. Wengi humwonea huruma wa kwanza. Anayenitia wasiwasi mimi ni wa pili.

Juu ya kila figo pamekaa tezi ya adrenali, inayotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kuuwezesha mwili kuhimili maradhi. Kwa siku mwili hutengeneza kiasi kinachokaribia nguvu ya prednisoloni miligramu 4 au 5. Tezi hizo husubiri amri kutoka ubongoni, na ubongo ukiona vidonge vimejaa kwenye damu, huacha kuituma. Siku tano za ukimya hazina neno. Zikifika wiki tatu au nne mfululizo, tezi huanza kusinyaa, na kuamka kwake huweza kuchukua miezi, pengine mwaka. Anayepewa kozi fupi kila mara ndani ya mwaka mmoja naye asijihesabu kuwa ni wa kozi fupi.

Tuseme mama wa miaka 52 amefikisha miezi minane hiyo. Viungo vimetulia, vidonge vimeisha, haoni sababu ya kununua vingine. Siku chache baadaye amelegea, ana kichefuchefu, na akisimama anaona kizunguzungu. Zahanati wanapima malaria, hakuna. Wakipima presha akiwa amelala, namba ya juu ni 110. Akisimama inashuka hadi 85. Hapo swali linalookoa maisha ni moja: "Mama, kuna vidonge ulivyokuwa unameza ukaviacha?" Akijibu ndiyo, hachomwi dripu tu na kurudishwa nyumbani. Anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 pamoja na dripu ya chumvi, kisha apelekwe hospitali.

Akipona hali hiyo hurudishwa kwenye vidonge, na safari ya kushuka inaanza upya. Kutoka 10 hadi 7.5, kisha 5, kasi huamuliwa zaidi na ugonjwa wenyewe: viungo vikianza tena kuvimba na kukaza asubuhi, dozi imeshushwa haraka mno. Chini ya 5 ndipo subira inapohitajika, kwa sababu sasa tezi ndiyo inayotakiwa kuziba pengo. Pasipo na kidonge cha miligramu 1, daktari anaweza kumwambia ameze kizima leo na nusu kesho, akae hivyo mwezi mzima kabla ya kushuka tena. Kizunguzungu na kichefuchefu vikirudi, tezi bado imelala. Akipata homa kali katika kipindi hiki, dozi ya siku hizo huongezwa, mara nyingi maradufu, na akitapika vidonge asisubiri nyumbani, aende akachomwe sindano.

Sukari nayo ina ujanja wake. Prednisoloni ya asubuhi hulifanya ini limwage sukari na misuli iikatae insulini, lakini kilele chake ni mchana hadi jioni. Mama huyu anaweza kupimwa kabla ya kunywa chai, apate milimoli 5.4 kwa lita, aambiwe yuko salama, na saa kumi na moja jioni awe na 13. Kwa hiyo apimwe baada ya chakula cha mchana au kabla ya cha jioni. Mwenye kisukari tayari, sukari yake huweza kupanda hata kwa kozi ya siku tano. Na aliyeanzishiwa dawa ya sukari kwa ajili hiyo, dawa hiyo nayo ipunguzwe kadiri prednisoloni inavyoshuka, la sivyo sukari itaporomoka.

Mifupa haitoi dalili mapema hivyo. Dawa hii huzidhoofisha seli zinazojenga mfupa na kupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni, na upotevu ni mkubwa zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, hasa kwenye pingili za uti wa mgongo. Ndiyo maana anayetarajiwa kumeza miligramu 7.5 au zaidi kwa miezi mitatu anapaswa kufikiriwa kupewa kalsiamu na vitamini D tangu mwanzo, na mama aliyekoma hedhi kama huyu huenda akahitaji pia alendronati, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Hukimeza kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji, kisha hukaa wima nusu saa bila kulala, maana kikikwama kooni huchoma.